Elektroni ina ukubwa gani? Namba 2.82 ilikotoka na 3/5 ilikoishia

Fungua jedwali lolote la konstanti za fizikia, utakuta mstari mmoja unaosema nusukipenyo cha kikale cha elektroni ni 2.82 × 10⁻¹⁵ m. Shuka kidogo, utakuta kipimo cha protoni: nusukipenyo cha chaji yake ni kama 0.84 × 10⁻¹⁵ m. Hapo ndipo swali linapozuka, na huwa linaulizwa kwa mshangao wa haki kabisa: elektroni, ambayo masi yake ni ndogo kuliko ya protoni mara 1836, inawezaje kuwa pana kuiliko zaidi ya mara tatu?

Haiwezi. Namba ya kwanza haikupatikana kwa kupima elektroni, imetokana na hesabu ya nishati. Hesabu yenyewe ni safi, haina kasoro, ila katika hatua ya mwisho imetumiwa kinyumenyume. Ukiifuata tangu mwanzo utaona mahali hasa ilipogeuzwa.

Maneno matatu kabla ya hesabu

Chaji za aina moja husukumana. Kwa hiyo ukitaka kuzikusanya mahali pamoja lazima ufanye kazi, kama mtu anayebana springi. Kazi hiyo haipotei, hubaki imehifadhiwa, na ukiachia, chaji zitatawanyika na kuirudisha.

Nishati ya nafsi ya kitu chenye chaji ni jumla ya kazi iliyotumika kukikusanya, chaji zote zikiwa zimeanza mbali kabisa, kila chembe peke yake. Inaitwa ya nafsi kwa sababu haihitaji kitu kingine jirani. Ni gharama ya kitu hicho kuwapo kikiwa kimebanana hivyo kilivyo.

Na neno "kikale" hapa halina maana ya kitu kilichopitwa na wakati. Lina maana ya fizikia isiyoingiza kwanta: chaji ni kama unga laini unaoweza kugawanywa utakavyo, na kani kati ya chaji mbili hupungua kwa mraba wa umbali. Basi.

Kulijenga tufe, ganda kwa ganda

Tuseme tunataka tufe lenye nusukipenyo R na chaji Q iliyosambaa sawasawa ndani yake, si juu ya ngozi tu. Unga wetu wa chaji uko mbali. Punje ya kwanza inakuja bure, hakuna wa kuisukuma. Ya pili inasukumwa kidogo na ya kwanza. Tunaendelea kuongeza maganda membamba, moja juu ya jingine, kama kitunguu kinachokua.

Simamisha kazi pale tufe lilipofikia nusukipenyo r. Chaji iliyokwishaingia inalingana na ujazo, na ujazo hukua kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo ni Q mara r³/R³. Sasa leta ganda jipya lenye unene mdogo dr. Chaji yake ni 3Qr²dr/R³. Kulileta toka mbali hadi kwenye uso wa tufe kunagharimu k mara chaji iliyopo, mara chaji inayokuja, gawanya kwa r. Hapo r³ imekutana na r², ikagawanywa kwa r, ikabaki r⁴:

dU = 3kQ² r⁴ dr / R⁶

Jumlisha kuanzia sifuri hadi R. Jumla ya r⁴ ni R⁵/5, na jibu linakuwa:

U = (3/5) kQ²/R

Hiyo k ni konstanti ya Coulomb, ile ile ya kani kati ya chaji mbili.

Kabla ya kuendelea, itazame ile r⁴, maana ndiyo inayoeleza jinsi kazi ilivyogawanyika. Kazi iliyokwishafanyika hukua kwa kipeo cha tano cha nusukipenyo. Ukifika nusu ya njia, yaani r ikiwa nusu ya R, umeshaingiza moja ya nane ya chaji, lakini umelipa moja ya thelathini na mbili tu ya nishati. Ukifika asilimia 90 ya nusukipenyo umelipa asilimia 59. Asilimia 41 iliyobaki yote inaliwa na ganda la juu, lile lenye unene wa moja ya kumi ya R. Wanaochelewa ndio wanaolipia, kwa sababu wanakuta nyumba imejaa.

Kosa la 6/5

Kuna kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya mara ya kwanza, na mimi nililifanya ubaoni mbele ya watu. Unachukua volteji ya ndani ya tufe lililokwisha kamilika, unaizidisha na chaji ya kila kipande, unajumlisha. Volteji ya wastani ndani ya tufe kamili ni (6/5)kQ/R, kwa hiyo unapata (6/5)kQ²/R. Umemaliza, na umekosea kwa mara mbili kamili.

Kilichoharibika ni hiki. Fikiria unajaza tangi kwa kumwaga maji juu ya maji. Ndoo ya kwanza unaimwaga chini kabisa, ya mwisho unaiinua hadi juu. Ukihesabu kana kwamba kila ndoo iliinuliwa hadi juu, umejitoza mara mbili ya kazi uliyoifanya. Chaji za mwanzo hazikukuta volteji ya mwisho, zilikuta tufe dogo na jepesi. Njia nyingine ya kuliona ni kuhesabu watu wanaopeana mikono: ukimwuliza kila mmoja ameshika mikono mingapi kisha ukajumlisha, kila mkono ulioshikwa umeuhesabu mara mbili. Gawanya kwa mbili, 6/5 inarudi kuwa 3/5.

Ukitaka kuhakikisha kwa njia isiyohusiana kabisa na ile ya maganda, hesabu nishati iliyomo kwenye uga wa umeme wenyewe, kila mahali angani. Nje ya tufe utapata (1/2)kQ²/R. Ndani utapata (1/10)kQ²/R. Jumla ni 3/5. Jibu hili lina faida ya pili: linaonyesha kwamba sehemu tano kati ya sita za nishati ya nafsi ya tufe haziko ndani yake hata kidogo, ziko nje, kwenye nafasi tupu inayolizunguka. Na kama chaji ingekuwa juu ya ngozi tu, ndani kusingekuwa na uga, na nishati ingekuwa 1/2 badala ya 3/5. Ikumbuke tofauti hiyo, tutaihitaji.

Pale hesabu inapotumika kwa njia iliyonyooka

Kuna mahali ambapo 3/5 inafanya kazi vizuri sana, nako ni kwenye kiini cha atomu. Kiini cha urani-238 kina protoni 92, na chaji yao imesambaa karibu sawasawa ndani ya tufe. Nusukipenyo chake kinajulikana kwa njia nyingine: katika miaka ya 1950 Robert Hofstadter na wenzake walirusha elektroni kwenye viini mbalimbali na kusoma ukubwa wao kutokana na jinsi elektroni zilivyotawanyika. Kwa hesabu ya makadirio, nusukipenyo ni 1.2 mara kipeo cha theluthi cha idadi ya chembe zote za kiini, protoni na nyutroni kwa pamoja, kwa femtomita (femtomita moja ni 10⁻¹⁵ m). Kwa urani inatoka kama 7.4.

Kwa vipimo vya kiini, k mara mraba wa chaji ya protoni moja ni 1.44 ukihesabu kwa mamilioni ya elektronivolti na femtomita. Kwa hiyo tunaandika 3/5 mara 1.44, mara 92, mara 91, gawanya kwa 7.4. Ni 92 mara 91, si 92 kwa mraba, kwa sababu protoni haijisukumi yenyewe, inasukuma wenzake 91. Jibu ni kama milioni 970 za elektronivolti.

Sasa kikate kiini hicho vipande viwili sawa vyenye protoni 46 kila kimoja, uviweke mbali mbali. Hesabu ile ile inatoa kama milioni 303 kwa kila kipande, jumla milioni 606. Nishati ya msukumano imeshuka kwa zaidi ya milioni 360. Karibu nusu ya akiba hiyo inaliwa na gharama ya kutengeneza uso mpya, maana vipande viwili vina uso mkubwa kuliko kimoja, na kinachosalia ni karibu milioni 200. Hiyo ndiyo nishati ambayo kiini cha urani hutoa kinapopasuka. Si mbaya kwa mtu aliyeanza na unga na maganda ya kitunguu.

Angalia mwelekeo wa hoja. Ukubwa ulikuwa umeshapimwa, tukaupeleka kwenye fomula, ikatupa nishati, na nishati ikalingana na maumbile.

Pale ilipogeuzwa

Kwa elektroni hatuna ukubwa. Tuna chaji, tuna masi, na tangu 1905 tuna kanuni ya Einstein inayosema masi na nishati ni kitu kimoja: masi ya elektroni ni sawa na elektronivolti milioni 0.511. Wazo la kutafuta asili ya masi kwenye umeme lilikuwapo hata kabla ya hapo. J. J. Thomson alikuwa ameonyesha mwaka 1881, miaka 16 kabla ya majaribio yake maarufu ya elektroni, kwamba tufe lenye chaji likitembea linakuwa zito kulisukuma kuliko lingekuwa bila chaji. Max Abraham na Hendrik Lorentz wakalipeleka wazo mbali zaidi mwanzoni mwa karne ya 20: huenda masi yote ya elektroni ni nishati ya uga wake.

Kama ni hivyo, R inaweza kusomwa kutoka kwenye fomula. Weka 3/5 mara 1.44 gawanya kwa R iwe sawa na 0.511. Inatoka R ya femtomita 1.69.

Lakini jedwali linasema 2.82. Tujaribu chaji ikiwa juu ya ngozi: 1/2 mara 1.44 gawanya kwa 0.511 ni 1.41. Bado. Sasa futa kabisa hiyo 3/5 au 1/2, acha 1.44 gawanya kwa 0.511 peke yake. Hapo ndipo 2.82 inapotokea.

Kwa hiyo kile kinachoitwa nusukipenyo cha elektroni si nusukipenyo cha tufe la umbo lolote kati ya hayo mawili. Sehemu ya mbele ilitupwa kwa makusudi, kwa sababu inategemea chaji imesambaaje, na hakuna aliyejua imesambaaje. Kilichobaki ni umbali ulioundwa na chaji, masi na spidi ya mwanga:

rₑ = ke²/(mc²)

Nikitakiwa kuisema kwa sentensi moja ningesema hivi: ni umbali ambao elektroni mbili zikikaribiana hadi hapo, nishati ya msukumano wao inafikia nishati ya masi ya elektroni moja. Ni alama ya mpaka kwenye ramani ya nishati. Jina "nusukipenyo" ndilo linalopotosha watu.

Kuna jaribio dogo la karatasi ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya akitaka kujiridhisha. Tumia fomula hiyo hiyo kwa protoni. Chaji ni ile ile kwa ukubwa, masi ni kubwa mara 1836, kwa hiyo "nusukipenyo cha kikale" cha protoni kinakuwa kidogo mara 1836 kuliko 2.82: kama 1.5 × 10⁻¹⁸ m. Kipimo halisi ni 0.84 × 10⁻¹⁵ m. Fomula imekosea ukubwa wa protoni kwa zaidi ya mara mia tano, na kwa kitu ambacho kweli kina ukubwa unaopimika. Inasema kadiri kitu kinavyokuwa kizito ndivyo kinavyokuwa kidogo. Ukiona hivyo unajua kwamba haikuwa inapima ukubwa.

Je, kama elektroni ingekuwa kweli tufe la kiasi hicho?

Wenye wazo hilo hawakuwa wazembe, walijua matatizo yake wenyewe. La kwanza ni nani anayelishikilia tufe lisilipuke. Elektroni mbili zikiwa femtomita 2.82 toka moja hadi nyingine husukumana kwa kani ya karibu nyutoni 29, sawa na uzito wa karibu kilo tatu, na kani hiyo ingefanya kazi juu ya kitu chenye masi ya 9.1 × 10⁻³¹ kg. Henri Poincaré aliona kwamba lazima kuwe na kani nyingine, isiyo ya umeme, inayovuta ndani. Lakini ukikubali hivyo, masi si ya umeme peke yake tena, na hoja ya kusoma R kutoka kwenye fomula imetoboka. Dalili yake ilikuwa tayari kwenye hesabu: masi iliyopatikana kutokana na mwendo wa uga ilikuwa 4/3 ya ile iliyopatikana kutokana na nishati ya uga uliotulia. Kitu kimoja hakiwezi kuwa na masi mbili.

La pili lilikuja mwaka 1925, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit walipopendekeza kwamba elektroni ina mzunguko wa ndani, spini. Jaribu kuuelewa kama tufe gumu lenye nusukipenyo cha 2.82 linalozunguka kama pia: ili kufikisha spini iliyopimwa, uso wake ungelazimika kwenda kwa spidi ya zaidi ya mara 170 ya spidi ya mwanga.

Kisha kuna majaribio. Katika migongano ya nishati kubwa elektroni zimechunguzwa hadi umbali wa chini ya 10⁻¹⁸ m bila kuonekana dalili yoyote ya umbo au sehemu za ndani. Huko ni ndani sana ya 2.82 femtomita. Kama kungekuwa na tufe la kiasi hicho, lingeonekana zamani.

Mbona basi haijafutwa kwenye majedwali?

Kwa sababu ni umbali wenye manufaa hata kama si ukubwa wa kitu. Mwanga unapopita karibu na elektroni huru huitikisa, na elektroni inayotikisika hutawanya mwanga huo. Uwezo wa elektroni kufanya hivyo huelezwa kama eneo, kana kwamba inashikilia sahani ndogo mbele ya miale. Thomson alikokotoa eneo hilo: ni 8/3 mara π mara mraba wa rₑ, yaani kama 6.65 × 10⁻²⁹ mita za mraba. Wanaochunguza fuwele kwa eksirei hutumia rₑ kila siku.

Lakini usiichukue sahani hiyo kuwa kivuli cha elektroni. Ukiongeza nishati ya mwanga hadi ikaribie 0.511 ile na kuipita, eneo hilo linasinyaa, kama Oskar Klein na Yoshio Nishina walivyoonyesha mwishoni mwa miaka ya 1920. Elektroni haijabadilika, ni mwanga uliobadilika.

Na kwa hakika fizikia ya kikale huishiwa nguvu mapema zaidi ya pale. Ukimfuata elektroni kwa karibu, kufikia umbali wa femtomita kama 386, yaani mara 137 ya rₑ, kwanta zinachukua usukani, na picha ya unga uliobanwa haina tena mamlaka. Hivyo hesabu yetu ilikuwa ikizungumzia mahali ambapo haikualikwa.

Nishati ya nafsi, hata hivyo, haikuondoka. Katika picha ya kikale, ukilifinya tufe hadi R iwe sifuri, kQ²/R inapaa bila kikomo, na inapaa haraka: nusu ya ukubwa, mara mbili ya nishati. Katika miaka ya 1930 Victor Weisskopf alionyesha kwamba katika nadharia ya kwanta, elektroni ikiwa na mwenzake wa kinyume, pozitroni, sehemu kubwa ya mpaao huo hujifuta yenyewe, na kinachobaki hukua kwa logarithimu tu. Tofauti hiyo ni kubwa ajabu ukiiweka kwenye namba. Shuka hadi urefu wa Planck, 1.6 × 10⁻³⁵ m, ambako hakuna anayetegemea fizikia ya leo iendelee kufanya kazi. Fomula ya kikale ingedai nishati ya nafsi iliyo kubwa kuliko masi ya elektroni kwa zaidi ya mara milioni mia mara trilioni. Makadirio ya kwanta, katika hatua yake ya kwanza, yanadai nyongeza isiyofika asilimia 20 ya masi hiyo.